Kipindi cha 41: Kidole Gumba cha Hina

SWABRA: Haya tumerudi, na leo Feisal kaja na karatasi, mambo matano ya kutazama kabla hujanunua jiwe mtandaoni, kayapiga namba kabisa. Mimi najua hatufiki la tatu.

FEISAL: Tutafika bwana. Si mnajua natafuta jiwe la pete, na msiniulize tena ni la nani. Jumatatu nikaona tsavoraiti, kijani mpaka roho yatulia, umbo la yai, karati 2.60, na picha ya cheti iko. Jamaa asema yuko hapa hapa Mombasa, jiwe limetoka Taita, picha kaipiga asubuhi ile. Nikaanza kuhesabu pesa.

SWABRA: Ukaniletea skrinishoti saa tano usiku.

FEISAL: Na wewe hata jiwe hukulitazama.

SWABRA: Nitazame jiwe na kidole kile? Limeshikwa na kidole gumba cha hina, na hina ishapanda, pale chini ukucha mweupe kama milimita tatu. Hiyo si hina ya juzi, hiyo ni ya mwezi mzima. Nikasema huyu harusi yake ilikuwa lini?

FEISAL: Muuzaji ni mwanamume, Swabra. Ana sharubu kwenye profaili.

SWABRA: Labda ndiye aliyeingizwa ndani! (wanacheka) Basi nikaitia picha kwenye Google Lens, yaja mawe ya kijani tu. Nikaigeuza, kulia kuwe kushoto, maana wezi wa picha huzigeuza hivyo zisijulikane, halafu nikakata pembeni nikabakisha kidole na jiwe. Hapo ndo ikaja, tangazo la muuzaji wa Bangkok, la miezi minane nyuma. Kidole kile kile, weupe ule ule, na ndani ya jiwe kile kiunywele kilichopinda kama ndoana. Rangi unaweza kuibadilisha, lakini kile kiunywele hakuna jiwe jengine litakuwa nacho pale pale.

FEISAL: Mimi nako nilikuwa na cheti. Kimeandika milimita 8 kwa 6, kina 4. Hesabu yake hii, jumlisha 8 na 6 gawa kwa mbili, ni 7. Saba mara saba 49, mara kina 4 ni 196, mara 3.61 ambao ndio uzito wa tsavoraiti ukiupima na maji, mara 0.002. Yatoka karati 1.4 hivi. Mkato ukiwa mnene waweza kuzidi kidogo, lakini si karibu maradufu! Nikazumu, ile 2.60 ni nyeusi kuliko vipimo vya mstari wa chini, na nukta imekaa chini kidogo. Nikaingia tovuti ya maabara nikatia namba ya cheti, yasema 1.40.

SWABRA: Kwa hivyo cheti ni cha kweli, kimechorwa tu.

FEISAL: Na hata kisingechorwa, namba kukubali ina maana jiwe hilo lilipimwa siku moja. Haisemi kwamba ndilo alilo nalo yeye. Haya, la pili, taa.

SWABRA: Hapo tutagombana.

FEISAL: Ukiweka taa nyuma ya jiwe zito la rangi lawaka kama limulikalo lenyewe. Ukilimiminia mwanga mwingi mbele, mipasuko yamezwa na weupe. Na likikatwa bapa, mwanga wapita katikati badala ya kurudi, sasa wao hulilaza upande usione. Mwambie alilaze juu ya gazeti, ukisoma herufi kupitia katikati ya jiwe, basi. Na akupigie video dirishani, kivulini, aligeuze polepole. Taa ya hivyo ni uongo.

SWABRA: Si uongo! Mimi madera yangu nayapiga na ringi laiti, ina maana nadanganya wateja? Biashara ni kupamba.

FEISAL: Dera halipasuki. Mpasuko ukifika ukingoni, sonara akikaza kucha za pete jiwe lakatika.

SWABRA: Basi amwambie mteja kwa mdomo kuna mpasuko, taa aiache.

FEISAL: Aseme kwa mdomo alichokificha kwa taa?

SWABRA: Ndiyo.

FEISAL: Hapana.

SWABRA: Sikubali, na wewe hukubali, na dakika zimekwisha.

FEISAL: Nina mengine matatu!

SWABRA: Karatasi itie mfukoni, babu. Ulimwomba picha mpya lakini?

FEISAL: Nilimwomba, na tarehe ya leo kwenye karatasi kando. Kaleta. Kidole hakina hina.

SWABRA: Na jiwe?

FEISAL: Limefunikwa na kidole.