Sonona imepungua, ugomvi ndio umeanza

SULEIMAN: Assalamu alaikum, wasikilizaji. Mimi Suleiman, niko na Bi Zuwena, mwenzangu wa kipindi, ambaye kazi yake ni kukaa na wanandoa. Leo tunaizungumza ile nyumba ambayo mmoja aliugua sonona, akatibiwa, akainuka, na ndipo watu wakaanza kugombana.

BI ZUWENA: Waalaikumu salaam. Nitatoa mfano wa mume na mke wa upande wa Wete. Nimewatunga kwa kuchanganya habari za wengi, asije mtu akasema ni fulani. Mume mvuvi. Alikaa ndani miezi, haendi baharini, hasemi na mtu. Mke akabeba kila kitu: kukaanga maandazi alfajiri, pesa, skuli za watoto, na kumlinda mumewe. Sasa mume anakunywa dawa, bahari ameirudia. Lakini mke bado mlinzi. "Umelala? Umekunywa dawa? Mbona umenyamaza?" Mume akiulizwa hivyo, anatoka kwenda barazani na harudi mpaka usiku mkubwa. Akichelewa, mke anazidi kuuliza.

SULEIMAN: Na kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliyeanza.

BI ZUWENA: Ndiyo. Na hilo si dogo. Mwaka 1989 watafiti Hooley na Teasdale waliwafuatilia wagonjwa wa sonona waliotoka hospitali. Waliwauliza: mwenzako anakulaumu kiasi gani, kutoka 1 hadi 10? Jibu la swali hilo moja lilitabiri vizuri nani ugonjwa utamrudia. Kwa hiyo kupunguza lawama ndani ya nyumba ni sehemu ya kumkinga mtu na sonona.

SULEIMAN: Mpango wenyewe unakwendaje?

BI ZUWENA: Mimi huupanga wa vikao kumi na viwili au zaidi kidogo. Cha kwanza wanakuja wote wawili, na kila mmoja anasimulia ugonjwa ulivyoingia nyumbani na ulimpokonya nini. Mke naye aulizwe, maana watu humuuliza mgonjwa tu. Cha pili na cha tatu namuona kila mtu peke yake.

SULEIMAN: Kwa nini peke yake? Wengine watasema unawatenga.

BI ZUWENA: Kwa sababu kuna mambo hayasemwi mbele ya mwenzako. Nauliza: unamwogopa? Amewahi kukupiga? Unawaza kujiua? Kuna mwanamke mwingine? Na kabla sijauliza nawaeleza wote wawili nini nitakiweka siri na nini siwezi, kama vile hatari ya uhai. Mtu akiwa anapigwa, vikao vya pamoja sivianzi, kwa sababu maneno ya humu ndani atakwenda kuyalipia nyumbani. Na mwenye kuwaza kujiua anapelekwa hospitali siku ileile, hangoji kikao kijacho.

SULEIMAN: Hawa wa Wete walipita?

BI ZUWENA: Walipita. Lakini mke akiwa peke yake alisema jambo: mumewe hamkaribii tena kitandani, na ameshaamini ataletewa mke mwenza. Mume naye peke yake alisema hamu imemwisha tangu aanze dawa, na anaona haya. Dawa za sonona za kundi la fluoksetini hufanya hivyo kwa watu wengi. Nikamwomba mume ruhusa tulizungumze wote watatu, akakubali. Kisha akarudi kwa daktari wake, maana kipimo kinaweza kurekebishwa au dawa ikabadilishwa. Asiiache ghafla kwa uamuzi wake, anaweza kupata kizunguzungu na wasiwasi, na sonona inaweza kurudi.

SULEIMAN: Kumbe mke alikuwa anapigana na mke mwenza asiyekuwepo.

BI ZUWENA: Ndiyo maana kikao cha nne tunachora duara kwenye karatasi. Mke anaogopa, anauliza. Mume anajiona mtoto, anatoka. Mke anaogopa zaidi. Nataka walione wote, wagombane na duara, waachane na kutafuta mkosaji. Kuanzia cha tano ni kila wiki, saa moja. Dakika kumi za mwanzo ni kazi ya nyumbani: imefanyika, haikufanyika, nini kilizuia. Kila mmoja ananipa pia ile namba ya lawama. Kisha jambo moja tu, na mwisho kabisa tunapanga kazi ya wiki.

SULEIMAN: Hawa uliwapa kazi gani?

BI ZUWENA: Ya kwanza: dakika kumi baada ya Isha, siku tatu kwa wiki. Mume ndiye anayeanza. Anasema hali yake kwa namba, 0 hadi 10, na jambo moja analohitaji. Mke anarudia alichosikia kabla ya kujibu, kisha anauliza lolote. Nje ya dakika hizo maswali ya ugonjwa hayapo. Dawa mume anaitia alama kwenye kalenda ya ukutani, mke anaiona bila ya kuuliza.

SULEIMAN: Ikafanya kazi?

BI ZUWENA: Wiki ya kwanza iliharibika. Mke hakuuliza kwa mdomo wake, alimtuma mtoto: "Kamuulize baba yako kalala?" (Wanacheka.) Ile namba ya lawama ya mume ilikuwa 8, ikabaki 8. Hapo ndipo unapojua: kazi imefanyika kwa jina, lakini namba haitikisiki. Sikumkaripia. Nilimuuliza anaogopa nini hasa usiku. Akasema anaogopa kuamka amkute amekufa. Mume hakuwa amewahi kulisikia neno hilo. Wiki iliyofuata alianza yeye kumwambia mkewe, "leo nimelala," bila ya kuulizwa.

SULEIMAN: Na pesa? Maana pale ndipo penye moto.

BI ZUWENA: Pesa tulirudisha kidogokidogo. Mume alichukua jukumu moja zima, kununua umeme. Kwa mtu aliyekuwa mgonjwa, jukumu dogo analolimiliki mwenyewe linamfaa kuliko kusaidia nusu ya kila kitu. Sharti langu lilikuwa: umeme ukikatika, mke asinunue. Na ulikatika, usiku, maandazi ya kesho hayajatayarishwa. Mke aliwasha taa ya simu akakaa. Mume akatoka kutafuta salio.

SULEIMAN: Huyo mke ana subira!

BI ZUWENA: Alikuja na hasira kweli! Tulitumia kikao kizima kwa hasira hiyo, na ilistahiki. Nilimwomba amwambie mumewe kile kilichomkera usiku ule tu, asiende nyuma kwenye miezi ya ugonjwa. Kufika kikao cha tisa namba ya mume ilikuwa 4. Ya mke 5, kwa sababu bado alihisi kazi yake ya miezi yote ile haikushukuriwa.

SULEIMAN: Mwisho unawaachaje?

BI ZUWENA: Vikao viwili vya mwisho tunavitenga kwa wiki kadhaa, na wanaandika dalili zao wenyewe. Huyu wa Wete, kabla ya kuugua aliacha kunyoa ndevu, akawa anaamka saa tisa za usiku, akawatuma wenzake baharini. Wameandika: mbili kati ya hizo zikionekana kwa wiki moja, mke anasema sentensi waliyoichagua, "naona tunarudi kule," mara moja tu, na mume anakwenda kliniki ndani ya siku tatu. Asipokwenda, mke ana idhini ya kumpigia kaka yake mume.

SULEIMAN: Kwa nini kaka, si mama mkwe?

BI ZUWENA: Mume alichagua mwenyewe. Mama angekuja na mganga kabla ya Magharibi.