Wateja Wanaishia Wapi? Hesabu ya Hatua kwa Hatua
(Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo, Dodoma)

Mwenyekiti, ndugu zangu, asanteni. Wengine hapa mmeshanisikia nikilisema hili mpaka mmechoka. Vumilieni, maana bado naletewa simu na mtu ananiambia, "Mwalimu, nisaidie kusponsa posti, biashara haitembei." Namuuliza: wateja wanakuishia wapi? Ananionyesha laiki.

Tumchukue dada anayeuza mafuta ya alizeti Kizota, dumu la lita 5. Nitatumia namba za mfano ili hesabu iende vizuri. Posti yake kwa wiki moja imewafikia watu 4,000. Nasema watu, sio mara ilizoonekana, kwa sababu mtu mmoja akiiona mara tatu bado ana mdomo mmoja wa kula. Waliogusa kiungo cha WhatsApp ni 200. Waliotuma ujumbe kweli ni 120. Walioagiza ni 18, na waliolipa ni 15.

Sasa kila hatua igawanye kwa hatua iliyo kabla yake, sio kwa wale 4,000. Kutoka kuona hadi kugusa ni asilimia 5. Kugusa hadi kuandika, asilimia 60. Kuandika hadi kuagiza, asilimia 15. Kuagiza hadi kulipa, asilimia 83.

Najua kuna mtu ameshaona ile 5 na anataka kuinua mkono. "Ndiyo ndogo kuliko zote, tatizo ni picha!" Hapana, shusha mkono. Wengi katika wale 4,000 jikoni kwao mafuta yapo, walikuwa wanapitisha kidole tu. Hatua hiyo huwa ndogo kwa kila muuzaji, kwa hiyo ilinganishe na wiki zako zilizopita. Mimi macho yangu yako kwenye 15. Hawa wameandika kwa mkono wao "dada, mafuta bei gani?" Mtu wa namna hiyo anataka kununua, na wamepotea 102!

Asilimia 15 haikuambii sababu, kwa hiyo hatua hiyo ipasue. Fungua mazungumzo moja baada ya jingine uangalie ujumbe wa mwisho ulikuwa upi. Tuseme dada yetu anakuta watu 90 kati ya 120 waliikubali bei na wakauliza, "Mimi niko Iyumbu, unaleta?" Hiyo ni asilimia 75, bei haina shida. Yeye akajibu, "Usafiri juu yako, ngoja niulize boda." Saa mbili baadaye akarudi na "elfu tano." Kimya. Kati ya 90 wamebaki 18, yaani asilimia 20. Hapo ndipo wateja wanapomwagika, na posti haihusiki hata kidogo.

Angesponsa hadi afikie watu 8,000, hata tukichukulia kwamba wapya wananunua sawa na wa zamani, angeuza madumu 30 na kulipia tangazo. Lakini akiandika nauli za mitaa kwenye jibu la kwanza kabisa, au akaweka siku mbili za kuchukulia mzigo pale Majengo, ile 20 ikapanda hadi 40, walioagiza wanakuwa 36 na waliolipa 30 vilevile. Mtasema, "Na isipopanda?" Basi atajua ndani ya wiki chache, kwa sababu amebadilisha kitu kimoja na anapima hatua moja. Ukibadilisha picha, bei na nauli kwa mpigo, hutajua kipi kimefanya kazi.

"Sina muda wa kuhesabu." Muda wa kujibu "bei inboksi" unao! WhatsApp Business ina lebo tayari: New customer, New order, Pending payment, Paid. Mbandike mteja lebo anapofika hatua mpya, na andika namba kwenye daftari, kwa sababu lebo ya jana ukiibadilisha haibaki.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haya nayapitisha mbio. Mji wetu ni wa watumishi: anayeuliza tarehe 15 anaweza kulipa mshahara ukiingia. Wafuate walioandika wiki moja mpaka mwisho wao, usigawanye malipo ya wiki hii kwa maswali ya wiki hii. Pili, kama waliokubali bei ni 10 tu, kupanda kutoka asilimia 20 hadi 40 ni watu wawili, pengine ni shemeji zako. Subiri namba ikue. La mwisho, wateja wa zamani wahesabu pembeni: wao wanaandika tu "niletee kama juzi," hawapiti posti wala kiungo, na ukiwachanganya humo hatua mbovu itaonekana nzima. Maswali?