Nyeusi Tupu na Nyeusi Nzito: Kwa Nini Uwanja Mpana wa Nyeusi Hupauka Ukichapwa

Ndugu wasanifu, ndugu wachapaji, na wanafunzi mliofika jioni hii,

Nimeleta karatasi mbili, na naomba zipitishwe mkono kwa mkono huku nikiendelea kuzungumza. Zote mbili ni at pepa ya gramu 250, zote zimetoka katika mtambo mmoja wa ofseti, na zote zimefunikwa nyeusi kutoka ukingo hadi ukingo. Ya kwanza imepigwa wino mweusi peke yake, yaani K100, na hiyo nitaiita nyeusi tupu. Ya pili ina wino huohuo mweusi kwa asilimia 100, pamoja na sayani asilimia 60, majenta asilimia 40 na manjano asilimia 40, na hiyo ndiyo nyeusi nzito. Ukiitazama ile ya kwanza peke yake, utaapa kwamba ni nyeusi. Iweke ubavuni mwa ya pili karibu na dirisha, nayo itageuka kuwa kijivu cha mkaa, na ukiinamisha jicho utaona vitundu vidogo vya weupe vilivyotawanyika juu yake.

Tuanze na chanzo cha jambo hili, kwa sababu wengi hudhani mchapaji amebana wino. Tabaka la wino wa ofseti juu ya karatasi lina unene wa takriban maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Tabaka jembamba kiasi hicho halifungi kabisa. Ni kama mkono mmoja wa rangi juu ya ukuta wa lipu, ambapo weupe wa chini huendelea kuchungulia. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha uchapaji wa ofseti, toleo la mwaka 2004, nyeusi tupu iliyopigwa vizuri juu ya karatasi iliyopakwa hutarajiwa kuwa na mng'ao wa 16 katika kipimo kinachoanzia 0, ambayo ni giza kamili, hadi 100, ambayo ni weupe kamili. Juu ya karatasi ya bondi isiyopakwa, wino huohuo hufikia 31 tu. Tukibadili takwimu hizo kuwa mwanga unaorudi machoni, nyeusi tupu kwenye at pepa hurudisha asilimia 2 hivi, ilhali kwenye bondi hurudisha zaidi ya asilimia 6. Mchapaji anaweza kufanya kazi yake bila kosa lolote, na bado kurasa zake za bondi zikaonekana zimefifia.

Kwa nini basi tusiongeze wino mweusi wenyewe? Mchapaji hufanya hivyo kidogo, lakini huufikia mpaka upesi. Wino ukizidi, vidoti vya picha zilizo katika bamba hilohilo huvimba na vivuli vyake huziba. Maandishi madogo hunenepa. Karatasi huchelewa kukauka, na wino wa karatasi ya chini hujipiga mgongoni mwa karatasi iliyoiangukia. Kuna tatizo lingine linalojitokeza hasa kwenye uwanja mpana. Rola zinazopaka wino kwenye bamba zina mzingo mdogo kuliko urefu wa bamba, hivyo huzunguka zaidi ya mara moja kabla ya bamba kumalizika, na kila mzunguko huzikuta zimepungukiwa wino pale zilipotoka kupaka. Kama juu ya uwanja wako mweusi kuna dirisha la picha au kichwa cha habari cheupe, rola hubaki na wino mwingi pale palipokuwa peupe na wino kidogo pale palipokuwa peusi. Umbo lile hujitokeza tena chini ya ukurasa kama kivuli hafifu ambacho hakuna aliyekichora. Ukikiona kivuli cha namna hiyo, usihangaike kukitafuta kwenye faili.

Rangi nyingine tatu husaidia kwa njia mbili. Ya kwanza iko wazi: kila tabaka humeza sehemu ya mwanga uliosalia, hata ikiwa nyeusi ndiyo iliyotangulia, kama ilivyo katika mitambo mingi ya rangi nne, na rangi nyingine zikalala juu yake. Ya pili ninaithamini zaidi. Vile vitundu vyeupe nilivyowaonyesha hutokana na vumbi la karatasi, na nyuzi, na mahali ambapo wino haukushika, na ni nadra sana vitokee mahali palepale katika mabamba mawili tofauti. Pale ambapo nyeusi imeruka, sayani na wenzake wapo, na jicho hukutana na rangi ya giza badala ya karatasi tupu. Ndiyo maana hata sayani peke yake, asilimia 50 au 60 pamoja na K100, huubadilisha uwanja mpana kwa kiasi kikubwa. Mimi huitumia nyeusi hiyo ya rangi mbili mara nyingi kuliko ya rangi nne, kwa kuwa kuna mabamba mawili tu ya kulinganisha na wino mchache wa kukausha. Kasoro yake ni kwamba huelekea ubaridi wa buluu, na kando ya picha ya uso wa mtu ubaridi huo huonekana. Hapo ndipo ninaporudi kwenye 60, 40, 40 na 100. Sayani hupewa kiasi kikubwa kwa sababu wino wa sayani unahitaji kuwazidi majenta na manjano ili mchanganyiko wao usielekee wekundu.

Sasa tuchukue jalada moja la kitabu na kulifuata hatua kwa hatua. Tuseme ni jalada la wasifu wa mwimbaji wa taarabu. Picha yake imepigwa mbele ya pazia jeusi, na msanifu anataka pazia hilo lienee hadi kingo zote, jina la kitabu liwe jeupe kwa herufi kubwa, na maelezo ya mgongoni yawe meupe kwa herufi ndogo za pointi 8. Amebadilisha picha kutoka RGB kwenda CMYK katika Photoshop kwa mpangilio wa Kimarekani unaoitwa U.S. Web Coated (SWOP) v2, kisha akaiweka katika InDesign juu ya mstatili alioujaza rangi iliyoandikwa [Black]. Kwenye skrini pazia na mstatili vimeungana, hakuna mshono.

Kwenye karatasi mwimbaji anatokea ndani ya sanduku. Nyeusi ya picha, baada ya ubadilishaji ule, ni sayani 75, majenta 68, manjano 67 na nyeusi 90, jumla asilimia 300. Nyeusi ya mstatili ni K100 peke yake, jumla asilimia 100. Skrini ilimficha msanifu tofauti hiyo kwa sababu InDesign, ikiachwa na mipangilio yake ya mwanzo, huonyesha K100 kama giza kamili la skrini. Dawa iko kwenye Preferences, sehemu ya Appearance of Black: chagua Display All Blacks Accurately, na mstatili utapauka palepale mbele ya macho yako, jambo ambalo ni afadhali litokee ofisini kuliko baada ya nakala elfu mbili kuchapwa. Kisha fungua Separations Preview, upitishe kishale juu ya pazia na juu ya mstatili, usome namba za kila wino.

Wengi hurekebisha kwa kuupa mstatili namba za picha, yaani 75, 68, 67 na 90. Njia hiyo hufaulu ikiwa ukingo wa picha ni mweusi sare, lakini pazia halisi lina mikunjo na mwanga wake, na namba zitakuwa zikipanda na kushuka kila mahali. Ninapendekeza pazia liendelezwe ndani ya picha yenyewe hadi lifunike jalada lote pamoja na milimita 3 za kukatwa, ili kusiwe na mshono wowote wa kuficha.

Maandishi meupe ya pointi 8 ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Mstari mwembamba wa herufi ya ukubwa huo unaweza kuwa na upana wa milimita 0.2 au pungufu. Bamba la majenta likisogea kwa milimita 0.1 tu, kosa la kawaida kabisa mtamboni, nusu ya mstari huo hujaa uwaridi na maneno hayasomeki. Kwa hiyo mgongo wa jalada hili ningeuacha uwe K100 na sayani pekee, au ningezizungushia herufi ukingo wa pointi 0.5 wa nyeusi tupu, ili rangi nyingine zikae mbali kidogo na weupe. Ukingo huo usiutengeneze kwa [Black], kwa sababu InDesign huchapa rangi hiyo juu ya kilicho chini yake bila kukikata, na rangi zile zitabaki palepale. Tengeneza rangi yako mwenyewe ya 0, 0, 0 na 100. Tabia hiyohiyo ya [Black] ndiyo inayofanya ukanda mweusi uliopita juu ya picha uonyeshe picha hiyo kwa ndani, nusu ukiwa mzito na nusu mwepesi. Kwa maandishi meusi ya kawaida juu ya karatasi nyeupe, tabia hiyo haina madhara na K100 ndiyo pekee inayofaa. Herufi za rangi nne huota vivuli vya rangi pembeni.

Limebaki suala la kiasi. Wapo wanaoweka 100 kwa kila rangi, au wanaotumia [Registration] wakidhani ni nyeusi iliyokolea kuliko zote. Hiyo ni asilimia 400, na rangi hiyo imewekwa kwa ajili ya alama za kulinganishia mabamba tu. Karatasi yenye mzigo huo hulowa, hushikamana na mwenzake katika rundo, na hukunjwa kabla haijakauka. Kwa at pepa hesabu inayokubalika ni 300 hadi 330, kwa bondi isizidi 300, na kwa karatasi ya gazeti 240 au pungufu, ila muulize mchapaji wako kwanza, kwa maana mtambo wake anaujua yeye. Ile 60, 40, 40 na 100 inafikia 240 kamili, hivyo gazetini inagusa mpaka, na huko ningeridhika na sayani 40 pamoja na K100.

Na kama jalada litapigwa laminesheni, amueni mapema ni ya aina gani. Inayong'aa huizidishia nyeusi kina, kwa sababu hulainisha uso uliokuwa ukitawanya mwanga. Ile isiyong'aa huutawanya mwanga huo upya, na sehemu ya weusi uliougharamia kwa rangi nne hupotea chini yake. Prufu ya jalada la namna hiyo haifai kutiwa sahihi kabla ya kuonekana ikiwa na laminesheni yake.