Tumepoteana: Namna ya Kumwandikia Mteja Aliyekaa Kimya Mwaka Mzima

Mhadhara kwa mafundi cherehani

Mafundi wenzangu, habari za mchana. Niliombwa nizungumzie wateja, nami nimemchagua mmoja tu: yule aliyekuwa akija kila baada ya miezi miwili mitatu, kisha mwaka mzima ukapita hujamwona wala kumsikia. Namba yake unayo, vipimo vyake vimo daftarini, unataka kumwandikia na hujui uanzie wapi.

Ugumu wa kwanza uko kwenye lugha yetu wenyewe. Kiswahili kimejaa salamu za kumlaumu mtu kwa mapenzi. "Umenitupa." "Umeadimika." "Siku hizi hutaki hata kutujua." Kwa shoga yako au binamu yako hayo ni mapenzi matupu, naye atakujibu vivyo hivyo na mtacheka. Kwa mteja ni kitu kingine, kwa sababu mteja hana deni la kukutembelea. Alilipa, akachukua nguo yake, mkamalizana.

Mimi nilijifunza hili vibaya. Nilikuwa na mteja mmoja, mama mpole, nikimshonea magauni ya vitenge. Alipokaa kimya muda mrefu nikamwandikia: "Mama umenitupa! Au umepata fundi mwingine?" Nikaweka na vikatuni vya kucheka. Siku tatu baadaye akajibu: "Samahani sana fundi, tulikuwa tunamuuguza mzee, ametutoka mwezi wa nne." Niliusoma ujumbe ule nimesimama, mkasi mkononi. Mtu aliyefiwa na mume alikuwa ananiomba mimi radhi kwa kutoshona nguo.

Tangu hapo nina kipimo changu. Mteja akikujibu kwa kuanza na "samahani", au akaanza kukueleza alikokuwa, jua kwamba ujumbe wako ulimshtaki, hata kama hukukusudia.

Dawa imo humo humo kwenye Kiswahili. Sikilizeni tofauti ya "umepotea" na "tumepoteana". Neno la kwanza lina mkosaji mmoja, la pili linaugawa ukimya kwa wote wawili. Ndivyo ilivyo pia kwa "hujanitafuta" na "hatujawasiliana", "huji" na "hatujaonana". Na wala si uongo. Mwaka mzima yeye hakuja, lakini na wewe je, ulimpigia? Salamu iliyo salama kuliko zote ni ile ya wazee wetu: "Habari za siku nyingi?" Inatambua kwamba muda umepita, haiulizi umepitaje. Mtu anajibu "njema" na basi, au anakueleza ya kwake akipenda. Lakini "Mbona kimya?" ni swali linalodai sababu, na huenda sababu hiyo hataki kukupa.

Kabla ya kuandika, fungua daftari. Usitegemee kumbukumbu. Tafuta aliagiza nini mara ya mwisho, aliichukua lini, ilirudi kurekebishwa au la, pesa zilikwisha au zilibaki, na kama kuna kitu chake bado kiko kwako. Mara nyingi sababu ya ukimya utaikuta humo. Mara mbili nimekuta kwamba nguo ya mwisho niliitoa siku moja baada ya shughuli yenyewe. Kwa mteja kama huyo hakuna cha "habari za siku nyingi" peke yake. Unaanza na kosa lako, kwa sentensi moja, bila kumtaja fundi msaidizi wala umeme uliokatika: "Gauni lako la mwisho nililichelewesha, na sikukuomba radhi ipasavyo. Naomba radhi." Usimalizie kwa kumwomba oda. Mwache alipokee kwanza.

Sasa niwape mfano mmoja kamili. Mteja huyu nilimshonea gauni la kwenda send-off ya mpwa wake. Daftari linasema: kitenge yadi sita, kifua 38, kiuno 33, hipsi 43, mshono wa solo, amemaliza malipo. Chini yake nilikuwa nimeandika kwamba kimebaki kipande, kama yadi moja na nusu. Kipande kile kilikuwa bado kwangu, nimekikunja ndani ya mfuko wa plastiki chini ya meza ya kukatia. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kumwandikia, na ni sababu inayompa yeye kitu badala ya kumdai. Nikaandika hivi:

"Shikamoo mama. Ni fundi wako wa lile gauni la solo la send-off. Habari za siku nyingi? Tumepoteana. Nimepanga vitambaa leo nikakuta kipande cha kitenge chako, yadi moja na nusu, nilipaswa kukupa siku ile ile. Nimekitunza. Ukimtuma mtu atakikuta, hakuna haraka."

Angalieni kilichomo. Nimejitaja kwa kazi niliyomfanyia, kwa sababu huenda alibadilisha simu na namba yangu haimo tena. Kosa la kipande nimelibeba mimi. Sijauliza alikuwa wapi, sijamtaja fundi mwingine, sijagusa mwili wake. Hili la mwili mlishike sana. Vipimo vya mwaka jana haviaminiki, lakini usimwambie "nadhani utakuwa umebadilika". Akija, mwambie tu kwamba kila mteja unampima upya baada ya miezi sita, kisha ufanye hivyo kweli kwa kila mteja.

Siku ya kutuma nayo inasema jambo. Ujumbe ukifika mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka, mtu anausoma kama mkono ulionyooshwa mfukoni mwake. Mimi natuma katikati ya mwezi, asubuhi baada ya saa tatu. Sibipu hata siku moja, maana kubipu ni kumwambia mteja akupigie kwa gharama yake. Na msitumie ule ujumbe mmoja wa WhatsApp unaokwenda kwa watu wengi kwa pamoja. Kwanza haumfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako, na mteja wa mwaka jana anaweza kuwa ni mmoja wao. Pili, anayeupata anajua haukuandikwa kwa ajili yake.

Kuna aliyeuliza hapa mbele: na kama namdai, elfu ishirini ilibaki? Amua kabla hujashika simu. Kama unaitaka, mdai waziwazi na kwa heshima, na ujumbe huo uwe wa deni tu. Kama umeisamehe, mwambie umeisamehe, maana huenda ndiyo inayomfanya apite njia nyingine. Kinachoharibu ni kumchangamkia kwa salamu ndefu, kisha deni likatokeza mwishoni. Atajua salamu ilikuwa chambo.

Dada wa kule nyuma anauliza, je, akisoma asijibu? Zile alama mbili za buluu usizitaje kamwe. Mimi nasubiri hadi msimu wa shughuli, kama Iddi au Desemba, namwandikia mara moja tu, na jambo jipya mkononi. Akinyamaza tena, namwacha. Namba yake siifuti.

Yule mama wa kipande alijibu jioni ile ile: "Marahaba mwanangu, kumbe kipo! Nilidhani kiliisha." Akamtuma kijana, kikachukuliwa. Hakushona kitu siku hiyo, wala mwezi uliofuata, nami sikumwandikia tena. Alikuja mwenyewe mwezi wa kumi na moja na binti yake, wamebeba kitambaa cha sare ya kitchen party. Nikachukua futi, nikawapima wote wawili upya.