Asilimia 57 imetoka wapi? Vifaa vya kutambua lugha mbele ya maandishi mafupi

Rehema: Karibuni tena. Leo tuko na vile vifaa vya kutambua lugha: unakipa maandishi, kinakuambia hiki Kiswahili, hiki Kifaransa. Ukikipa aya nzima, sina ugomvi nacho. Ugomvi unaanza pale ninapokipa neno moja, au herufi zilizobonyezwa ovyo, nacho kinajibu bila kusita, tena kwa asilimia.

Salim: Na ile asilimia ndiyo inayotuponza. Mtu akiona 0.99 anafunga mjadala.

Rehema: Sasa badala ya kuvisema vyote kwa jumla, nilikuomba uchague kimoja tukifungue.

Salim: Nimechagua `langdetect`, kwa sababu watu wengi wanaoandika Python wamewahi kukigusa, na kwa sababu msimbo wake uko wazi, unasomeka. Asili yake ni programu ya Java ya Nakatani Shuyo. Kinajua lugha 55, Kiswahili kikiwamo. Tuanze na mfano uliomo kwenye maelezo yake chenyewe. Tumeuweka kwenye maandishi ya kipindi:

```python
>>> from langdetect import detect_langs
>>> detect_langs("Otec matka syn.")
[sk:0.572770823327, pl:0.292872522702, cs:0.134356653968]
```

Rehema: Hapo kinasema Kislovakia asilimia 57, Kipolandi 29, Kicheki 13.

Salim: Ndivyo kila mtu anavyosoma. Lakini maneno hayo matatu, baba, mama, mwana, ni Kicheki halali na ni Kislovakia halali, herufi kwa herufi. Kipolandi hakina hilo neno la kwanza. Na bado Kicheki kimeburuta mkia!

Rehema: Kwa hiyo 57 haimaanishi “nina uhakika wa asilimia 57”?

Salim: Ngoja nikuonyeshe inavyopatikana. Kifaa kinakata maandishi vipande vya herufi moja, mbili na tatu. Kila kipande kina rekodi: katika lugha hii hutokea mara ngapi, katika ile mara ngapi. Halafu kinaendesha duru 7. Kila duru lugha zote zinaanza sawa. Kinachomoa kipande kimoja kwa bahati nasibu, kinapandisha lugha zinazokipenda na kushusha nyingine. Kinachomoa kingine, vivyo hivyo. Duru inaisha lugha moja ikivuka 0.99999, au uchomoaji ukifika kama 1,000.

Rehema: Subiri. Uchomoaji 1,000 kutoka kwenye maandishi ya herufi kumi na kitu? Vipande si vitaisha?

Salim: Haviishi, kwa sababu kikichomolewa kinarudishwa. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Neno likiwa fupi, vipande ni vichache, na vilevile vinahesabiwa tena na tena kana kwamba kila mara ni ushahidi mpya. Ni kama kumuuliza shahidi mmoja swali lilelile mara mia, kisha ukaandika kwamba umepata mashahidi mia.

Rehema: Na tofauti ndogo ya mwanzo inakuzwa.

Salim: Inakuzwa vibaya. Tuseme, kwa wastani, kila kipande kinapendelea lugha A kuliko B kwa kiasi kidogo tu, moja na nusu kwa moja. Hiyo ni 60 kwa 40, huwezi kuapia. Rudia mara 5, uwiano unakuwa kama saba na nusu kwa moja, yaani asilimia 88. Rudia mara 30, umeshavuka 0.99999. Na hakuna jipya lililojulikana kuhusu neno lile tangu uchomoaji wa kwanza.

Rehema: Kwa hiyo kila duru inamalizika ikiwa na mshindi mmoja anayechukua karibu kila kitu.

Salim: Mara nyingi, ndiyo. Kisha duru 7 zinapigwa wastani. Sasa rudi kwenye zile namba. 4 kati ya 7 ni 0.571. 2 kati ya 7 ni 0.286. 1 kati ya 7 ni 0.143.

Rehema: Haa! 0.572, 0.292, 0.134. Hizi ni kura.

Salim: Zinalingana na kura karibu kabisa: Kislovakia duru nne, Kipolandi mbili, Kicheki moja. Ukiona 0.57, 0.71 au 0.85 kwenye maandishi mafupi, kumbuka 7. Na zote saba zikienda upande mmoja unapata 0.9999, hata kama zote zilikosea kwa sababu ileile.

Rehema: Nasikia ukirudia neno lilelile unaweza kupata jibu jingine.

Salim: Maelezo yake yanakiri hilo waziwazi, na yanatoa dawa: andika `DetectorFactory.seed = 0` na jibu litakuwa moja siku zote. Dawa hiyo siipendi sana. Ni nzuri kwa majaribio ya programu, lakini watu wanaitumia kuficha dalili. Jibu limeganda, halijawa sahihi. Mimi hufanya kinyume: naendesha neno lilelile kwa mbegu tofauti, yaani namba tofauti kwenye hiyo `seed` inayoanzisha bahati nasibu. Lugha ikibadilika, najua kifaa kilikuwa kinabahatisha.

Rehema: Na isipobadilika?

Salim: Hapo bado hujathibitisha kitu, maana upendeleo wa vipande unaweza kuwa uleule kila mara. Ongeza neno la jirani, au ondoa herufi moja. Jibu likiruka kutoka Kiswahili hadi Kifini kwa herufi moja, usiliamini.

Rehema: Tugeukie herufi za ovyo. Kwenye jedwali la bidhaa kuna kitu kama `kq7-x9`. Kifaa kinaona nini?

Salim: Tarakimu na vistari vinageuzwa nafasi tupu. Zinabaki `kq` na `x`. Kipande kisichokuwa kwenye rekodi ya lugha yoyote kinatupwa. Sasa hicho kilichobaki, labda ni herufi mbili tatu, ndicho kinachorudiwarudiwa hadi apatikane mshindi. Ukikipa tarakimu tupu, angalau kinakataa: kinatoa kosa, `No features in text.` Hilo ndilo jibu lake la heshima kuliko yote.

Rehema: Yaani “sijui” inapatikana tu pale ambapo hakikubakiwa na hata herufi moja.

Salim: Ikibaki moja, lazima lugha fulani ishinde, maana asilimia zinagawanywa miongoni mwa zile 55 mpaka zitimie mia. Zote zikiwa hazifai, isiyofaa kidogo kuliko wenzake inachukua fungu. Na si `langdetect` peke yake. Kuna kifaa kingine, fastText; modeli yake ya lugha 176 nayo inagawa mia moja kwa majina iliyonayo. CLD3, kifaa cha Google cha kazi hiyohiyo, walau inarudisha alama ya pembeni, `is_reliable`, ambayo programu nyingi hazijishughulishi kuisoma.

Rehema: Kwa msikilizaji mwenye jedwali lake, aanzie wapi?

Salim: Asikiulize kifaa kila kitu. Visivyo lugha vitolewe kwanza: namba za bidhaa, anwani za wavuti, nywila. Viwango vya ISO 639-2, vya alama za lugha, vina alama yake, `zxx`, maana yake hakuna maudhui ya lugha. Neno moja au mawili yapewe `und`, lugha haijabainishwa, mpaka kuwe na ushahidi wa nje: safu nyingine ya jedwali, lugha ya ukurasa, mwandishi mwenyewe alichagua nini.

Rehema: Bosi ataona `und` nyingi atasema kazi haijafanyika.

Salim: Mpe maneno ishirini kati ya hayo ayapime mwenyewe, kando ya majibu ya kifaa kwa mbegu tatu tofauti.