Neno BAR ndani ya BARAKA

Ndugu wahasibu na wahazini, nimelisema hili la kupanga miamala katika makundi kwa fomula mara nyingi hadi wengine wakiniona wanacheka. Leo chekeni, lakini fungueni Excel.

Maelezo ya miamala yako safu A. Maneno ya kutafuta yako E2 hadi E4: LUKU, DAWA, BAR. Makundi yako F: Umeme, Matibabu, Vinywaji. Fomula ni hii:

```
=IFERROR(LOOKUP(2,1/SEARCH($E$2:$E$4,A2),$F$2:$F$4),"Haijapangwa")
```

Najua kuna mtu atasema, mbona nisipange IF ndani ya IF? Panga. Ukifika neno la kumi na tano utanikumbuka.

Sasa mhazini wa kikundi kimoja alinijia amenuna. Taarifa ilionyesha kikundi kimekunywa pombe, na wanachama walishaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Muamala wenyewe ulisomeka hivi:

```
POS BARAKA DUKA LA DAWA
```

Duka la dawa, jamani! Hebu tumfuate SEARCH hatua kwa hatua. LUKU haipo, kwa hiyo inarudi hitilafu. DAWA inaanzia herufi ya 20, ukihesabu na nafasi. BAR inaanzia ya 5, kwa sababu SEARCH haijui neno linaishia wapi; inaona herufi tatu ndani ya BARAKA, inaridhika. Gawanya 1 kwa kila jibu: hitilafu, 0.05, 0.2. LOOKUP inatafuta 2, na hakuna namba inayofika hapo, basi inaruka hitilafu na kushika namba ya mwisho katika orodha. Watu hudhani 0.2 imeshinda kwa ukubwa. Siyo! Imeshinda kwa kukaa chini. Ukihamishia DAWA mstari wa mwisho, unapata Matibabu.

Lakini kuhamisha mistari ni kuficha tu, maana kesho atakuja Baraka muuza mchele. Dawa yake ni kuzungushia nafasi pande zote mbili ndani ya SEARCH:

```
SEARCH(" "&$E$2:$E$4&" "," "&A2&" ")
```

Hapo BAR itakubalika ikisimama peke yake tu. Muamala ukiandikwa BAR/DSM utaipita, kwa hiyo alama hizo zigeuze kwanza kuwa nafasi kwa SUBSTITUTE.

Muda unanibana. Katika fomula ile ya kwanza msiongeze mistari mitupu mwishoni mwa jedwali eti mtajaza baadaye: SEARCH ya seli tupu inarudisha 1 kwa kila muamala, na safu nzima itajaa sifuri. Mkiona sifuri zimepangana, angalieni mwisho wa jedwali. Na zile zinazobaki “Haijapangwa”, zichujeni kila mwezi. Maneno mapya ya jedwali yanatoka humo.

Haya, nani ana taarifa yake hapa tuijaribu?