Tarakimu ya Kwanza Baada ya Alama ya Kujumlisha

Ndugu zangu, wengi wenu mmewahi kubipiwa na namba ngeni, mkakaa mnajiuliza inatoka wapi. Leo tuisome namba hiyo kabla ya kuipigia.

Kodi za simu za nchi, yaani tarakimu zinazofuata alama ya kujumlisha mwanzoni mwa namba, zilipangwa kwa kanda miaka ya 1960, na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Tarakimu ya kwanza ndiyo kanda. 1 ni Amerika ya Kaskazini na visiwa vingi vya Karibi; 2 kwa sehemu kubwa ni Afrika; 3 na 4 ni Ulaya; 5 Amerika ya Kilatini; 6 Asia ya Kusini-Mashariki na Pasifiki; 7 Urusi na Kazakstani; 8 Asia ya Mashariki; 9 ni Uarabuni, Uturuki, Iran, India na majirani zao.

Sasa tazameni mtambo wa simu unavyoisoma namba. Umepokea 2, ukajua kanda. Ikifuata 7, kazi imeisha: ni Afrika ya Kusini. Ikifuata 0 ni Misri. Lakini ikifuata 5 mtambo hauwezi kuamua, lazima usubiri ya tatu: 4 ni Kenya, 5 Tanzania, 6 Uganda. Ndiyo maana haiwezekani kuwepo nchi yenye kodi 271 au 205. Mtambo ungeshakata shauri mapema. Kodi fupi walipewa wakubwa wa wakati ule, kwa kuwa urefu wa namba nzima una kikomo, leo tarakimu 15 pamoja na kodi, na anayetumia mbili tu hubakiwa na nafasi zaidi kwa namba za ndani. Ufaransa ina 33, Ureno ikapata 351.

Nimesema "kwa sehemu kubwa" makusudi. +297 inaanza na 2, lakini ni Aruba, kisiwa cha Karibi. 298 ni Visiwa vya Faroe na 299 ni Grinlandi. Kanda yetu ilikuwa na nafasi tupu mwishoni, wageni wakapangishwa humo. Kwa hiyo ukiona 2 usikimbilie kusema "ni jirani huyu."

Kanda inayoponza watu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya 1. Huko nchi na maeneo zaidi ya ishirini kwa jumla wanatumia kodi hiyohiyo moja, na tofauti imo katika tarakimu tatu zinazofuata. +1 416 ni Toronto. +1 876 ni Jamaika. Mtu ana ndugu Marekani, anaona +1, anapiga kwa furaha. Kumbe kampuni yake ya simu inatoza Jamaika kwa bei nyingine kabisa. Matapeli wa kubipu wanalijua hilo.

Na hata ukisoma sawasawa, kodi inaonyesha laini ilikosajiliwa tu. Mwenye +968 anaweza kuwa amekaa Tanga na laini yake ya Omani, na tapeli aliyeghushi namba anaweza kuwa popote.